Kilo 70 za wiki iliyopita leo hazinyanyuki: mnapangaje vyuma na mzunguko wa hedhi?

#1 Binti_Tandika (mtoa mada), Februari

Habari za usiku wapendwa. Mada ni ya kina dada, ila kaka mwenye ujuzi anakaribishwa. Waliokuja kuchungulia, viti vipo nyuma.

Nina miaka 29, kazi yangu ni ya dukani, nasimama kutwa. Nilianza kunyanyua vyuma Aprili mwaka jana. Nafuata ile programu rahisi ya siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Skwati kila siku, kisha benchi au kusukuma chuma juu ya kichwa, na dedilifti mara moja kwa wiki. Sheria yake ni kwamba ukimaliza seti 3 za mara 5 bila kukwama, wiki inayofuata unaongeza kilo mbili na nusu. Ukikwama siku mbili mfululizo, unashuka asilimia 10 na kuanza kupanda upya.

Miezi sita ya mwanzo nilipanda vizuri tu. Tangu Oktoba nimegandia skwati ya kilo 70. Nafika 70, nakwama, nashuka 62.5, napanda taratibu, nafika 70, nakwama tena. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba kuna wiki 67.5 inapaa kama sufuria tupu, na kuna wiki 60 tu naiona kama nimebebeshwa gunia la mchele na mwenye gunia kalikalia.

Desemba nikapakua programu ya simu ya kufuatilia hedhi. Nusu ya kwanza ya mwezi inanipaka kijani, inasema "nyanyua kwa nguvu", nusu ya pili nyekundu, "tembea, jinyooshe, pumzika". Nimeifuata miezi miwili. Skwati ni ileile, na kila nikirudi kwenye kijani miguu inauma siku tatu kama ndiyo kwanza naanza.

Mzunguko wangu si wa saa ya ukutani, unacheza kati ya siku 26 na 31. Wenzangu mnafanyaje?

#2 Kocha_Mwenge

Dada, hiyo programu ya simu iko sahihi, tatizo huenda hujaifuata vizuri. Iko hivi. Ukimaliza hedhi estrojeni inapanda, hapo mwili unajenga misuli, piga vyuma kwelikweli. Siku ya 14 yai linatoka. Baada ya hapo projesteroni inashika usukani, joto la mwili linapanda, misuli inavunjika, ukinyanyua kizito unajichosha bure. Kuna utafiti wa Ujerumani wa 2014 uliothibitisha. Wateja wangu wote wa kike nawapangia hivyo.

#3 PipaLaMaji

Mtoa mada kama shida ni tumbo kutopungua achana na vyuma, ruka kamba. Vyuma vitakukomaza mabega ukose mchumba.

#4 Binti_Tandika

@PipaLaMaji soma tena mada kaka yangu. Tumbo sijalitaja popote.

#5 MamaUkunda

Salaam kutoka Kwale. Mie naona kinyume kabisa na hayo, tena wakati maalumu: Ramadhani. Huku tuna saa za wanawake jimu, baada ya Asr. Mwezi mzima nafunga, nafika pale ulimi umekauka, nanyanyua nusu ya kawaida. Nikiingia hedhini si nala mchana, nakunywa maji? Basi siku ya tatu ya hedhi ndiyo siku nilonyanyua dedilifti ya kilo 90 mwaka jana, na siku zilizotangulia, nikiwa na twahara yangu kamili, 75 ilinishinda. Sasa homoni zangu zilikuwa wapi?

#6 ShangaziVyuma

Mdogo wangu Tandika, nimekaa na wanawake kwenye jimu Arusha mwaka wa kumi na moja huu, na mwenyewe bado nanyanyua. Ngoja nikuonyeshe kitu kwenye maandishi yako mwenyewe kabla hatujafika kwenye homoni.

Tuseme umekwama 70 ukiwa kwenye siku zako. Programu inakushusha asilimia 10, yaani 62.5. Wiki ya pili unaenda 65, ya tatu 67.5. Ile 70 unaikuta tena lini? Siku 28 baadaye. Hesabu mwenyewe. Umejitengenezea gurudumu ambalo kila likizunguka linakuangusha palepale, kwenye wiki ileile mbaya, halafu unajiona huna nguvu. Wiki yako nzuri, ile ambayo 67.5 inapaa, hujawahi kuwekewa 72.5 uione. Programu inadhani uwezo wako unapanda kama ngazi. Kwa mgeni ni kweli, kwa sababu mgeni anapanda haraka kiasi kwamba hata wiki mbaya inamezwa. Ukishakomaa kidogo, kilo mbili na nusu kwa wiki ni ndogo kuliko tofauti ya siku yako nzuri na siku yako mbaya, na hapo ndipo inakunasa.

Ndiyo maana nakubali hedhi inahusika kwako, ila sikubali dawa uliyopewa na simu.

Kocha, utafiti unaousema naufahamu. Ni wanawake 20, mguu mmoja ulifanyishwa zaidi kabla ya yai kutoka, mwingine zaidi baada, na mguu wa kwanza ulipata nguvu zaidi. Hujasema uongo. Lakini 2020 kuna wataalamu walikusanya tafiti 78 za uwezo wa mazoezi kwenye vipindi vya hedhi, wakakuta tofauti ni kiduchu, tena kupungua kwenyewe kunaelekea kwenye siku za mwanzo za kutokwa damu, sio hiyo nusu ya pili mnayoipaka nyekundu. Na wenyewe wakasema tafiti nyingi zilikuwa hafifu, kila mwanamke apimwe kivyake. 2023 kundi la Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakapitia ushahidi wa vyuma hasa, wakasema hawaoni msingi wa kupanga programu kwa awamu za homoni. Hilo la misuli kuvunjika baada ya yai kutoka, walilipima pia baadaye. Ujenzi wa misuli haukutofautiana.

Na "siku ya 14" iondoe kwenye karatasi zako. Nusu ya pili ndiyo haichezi sana, wengi wetu ni wiki mbili hivi. Inayorefuka na kufupika ni ya kwanza. Mwanamke wa siku 31 yai lake linatoka karibu na siku ya 17. Wewe ukihesabu 14 umeshamwanzishia "nusu ya pili" kabla haijaanza.

#7 Kocha_Mwenge

Shangazi nimekusikia lakini wateja wangu wenyewe wananiambia wiki ya mwisho hawana nguvu. Nikatae wanachosema?

#8 ShangaziVyuma

Usikatae. Ila nawe umewaambia siku ya kwanza walipokuja kwamba wiki hiyo hawatakuwa na nguvu. Mtu akishaambiwa hivyo, anaingia chini ya chuma akitafuta uchovu, na uchovu haukosekani.

Kwa hiyo Tandika, nakupa kazi. Futa hiyo ya kijani na nyekundu. Nunua daftari la jimu. Tarehe za hedhi ziandike kwingine, kalenda ya ukutani inatosha, na daftari lisijue kitu kuhusu kalenda. Miezi mitatu, yaani mizunguko mitatu, usiviweke pamoja. Kwenye daftari kila siku ya mazoezi andika vitu vitatu tu: saa ulizolala, kilo ulizonyanyua, na kwamba ulipomaliza seti ya mwisho ya skwati ungeweza kuongeza mara ngapi kabla ya kukwama. Hiyo ya mwisho mimi naiita akiba. Akiba ya mbili ni kazi nzuri. Akiba sifuri ndiyo kukwama kwenyewe.

Na uamuzi wa siku usifanye nyumbani, ufanyie kwenye kupasha. Chuma kitupu mara 10, 40 mara 5, 50 mara 3, kisha 60 mara 2. Hiyo 60 ndiyo mwamuzi wako. Mtu anayefanya 70 mara 5, akinyanyua 60 siku ya kawaida anajua kabisa angeweza kuongeza mara saba au nane. Ukiisikia hivyo, nenda na ulichopanga. Ukiisikia kama ungeongeza nne tu, au imepanda kwa kujivuta, leo fanya 65, na badala ya seti tatu fanya mbili, ondoka. Usishuke kilo nyingi. Nguvu inalindwa na uzito, seti ndizo zinazochosha, kwa hiyo za kupunguza kwanza ni seti. Siku ya maumivu makali au kizunguzungu nenda nyumbani, hiyo haina mjadala.

La kuongeza kilo: acha kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita. Wiki yako ya hedhi ilinganishe na wiki ya hedhi ya mwezi uliopita, ya pili na ya pili, vivyo hivyo mpaka mwisho. Kilo mbili na nusu kwa mzunguko, sio kwa wiki. Na kukwama siku mbili hakukushushi tena asilimia 10.

#9 Binti_Tandika

Kilo mbili na nusu kwa mwezi si nitazeeka nikisubiri?

#10 ShangaziVyuma

Tangu Oktoba umeongeza ngapi?

#11 Binti_Tandika

😅 Sawa shangazi.

#12 Sauti_ya_Chini

Mimi natumia sindano ya miezi mitatu, damu inakuja ikitaka, wakati mwingine miezi miwili haionekani, halafu matone wiki nzima. Simu yangu nayo inanipaka kijani na nyekundu. Nimekuwa naifuata 🤦🏾‍♀️

#13 Sista_Nesi

@Sauti_ya_Chini pole mpenzi, hiyo simu inakisia tu. Sindano kazi yake kubwa ni kuzuia yai lisitoke, kwa hiyo hizo nusu mbili kwako hazipo. Hayo matone si mwanzo wa mzunguko wowote. Wa vidonge vya kila siku pia mjue, damu inayotoka mkiwa kwenye vile vidonge vya mwisho visivyo na dawa inatokana na dawa kukatika, haitokani na yai. Njia ya Shangazi ya kuangalia 60 ya kupasha itakufaa wewe kuliko kalenda yoyote.

Tandika nina maswali ya kazini kwangu. Unatoka damu siku ngapi? Pedi unabadilisha baada ya muda gani siku nzito? Mabonge?

#14 Binti_Tandika

Siku 7, mara nyingine 8. Siku ya pili na ya tatu pedi kubwa inajaa kwa saa moja na nusu hivi, usiku navaa mbili. Mabonge yapo. Mama yangu na dada zangu wote tuko hivyo, ni ya ukoo.

#15 Sista_Nesi

Ya ukoo haimaanishi ni kidogo. Pedi kujaa kila saa moja au mbili, na siku zaidi ya saba, ni damu nyingi. Nenda kapime wingi wa damu. Wakikuuliza unaumwa nini waambie hilo la pedi, wasikupime malaria wakakurudisha. Na kama kituo kina kipimo cha feritini, omba. Ile ni akiba ya madini ya chuma. Inaweza kuisha kabla kipimo cha damu cha kawaida hakijashuka.

#16 Kocha_Mwenge

Sasa hapo mnampeleka hospitali mtu aliyekuja kuuliza skwati.

#17 Sista_Nesi

Ndiyo, nampeleka. Wanaokuja zahanati wakisema "nachoka tu" nusu yao hawajawahi kuulizwa swali la pedi.

#18 Rehema_wa_Rock_City

Wifi zangu, mie siku ya kwanza tumbo linanikata mpaka mgongoni. Nikifunga mkanda wa skwati ndiyo kabisa nataka kutapika. Kuna aliyepata njia?

#19 ShangaziVyuma

Mkanda siku hiyo uache. Ule unakutaka ujaze tumbo hewa na kulisukuma nje, na tumbo ndilo linalouma. Mimi wangu nawabadilishia mpangilio: siku hiyo wanaanza na benchi na kuvuta chuma kifuani wamelalia benchi ya mteremko, miguu wanamalizia na hatua za kuchuchumaa wakiwa na vyuma vya mkononi. Skwati nzito inasogea kwenye siku inayofuata. Haijafutwa, imesogezwa. Wengi wakishapasha dakika kumi tumbo linalegea.

#20 Sista_Nesi

Na dawa ya maumivu kama unatumia ibuprofeni, meza baada ya kula, mapema maumivu yakianza, usisubiri yakolee. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au pumu asiiguse bila kuuliza. Maumivu yanayokulaza kila mwezi hata kazini huendi, hayo nayo ya daktari.

#21 MamaUkunda

Na jamani mizani! Siku tatu kabla ya hedhi mie naongeza kilo moja na nusu, suruali ya mazoezi inagoma, nikawa nalia. Kumbe maji tu. Zikianza yanatoka yenyewe. Sasa wiki ile sipandi mizani.

---

#31 Binti_Tandika, Mei

Nimerudi wapendwa. Shangazi, mizunguko mitatu imetimia: siku 29, 26 na 31. Jumla siku 86. Nilitakiwa kufanya mazoezi siku 36 hivi, nimefanya 33. Tatu zilipotea, mbili kwenye msiba kijijini, moja mvua ya Dar mnaijua.

Jana usiku ndipo nimeweka daftari na kalenda mezani. Siku nilizoandika akiba sifuri au moja, au kupasha kukagoma nikashuka 65, zilikuwa 10. Nikazipanga.

Siku ya kwanza na ya pili ya damu nilifanya mazoezi mara tatu. Zote mbovu. Hapo sikushangaa.

Siku nne za mwisho kabla ya damu, mara tano. Tatu mbovu, mbili nzuri tu. Nikaangalia saa za kulala. Zile mbovu zote nililala chini ya saa tano na nusu, zile nzuri nililala saba. Kweli siku hizo nashtuka usiku wa manane, joto, nageukageuka.

Sasa kilichonishangaza. Siku ya 5 mpaka ya 9, ile ambayo simu iliniambia niko simba, mara sita. Nne mbovu! Usingizi mzuri, chakula kizuri, lakini skwati seti ya pili napumua kama nimepanda mlima. Miguu haiumi, ni pumzi na mapigo ya moyo.

Na siku bora kuliko zote miezi mitatu hii ilikuwa siku ya 22 ya mzunguko wa tatu. Kwenye nyekundu kabisa. Kilo 75, mara 5, seti tatu, akiba mbili. Nilitaka kumkumbatia mtu nisiyemjua.

#32 Kocha_Mwenge

Hongera dada, 75! Siku ya 22 kwa mzunguko wa siku 31 hiyo ni mara tu baada ya yai kutoka, estrojeni bado ipo. Haipingani na nilichosema.

#33 ShangaziVyuma

Kocha, siku ya 22 ukiondoa 17 ni siku tano baada ya yai. Projesteroni hapo inapanda vizuri tu. Na tunajuaje yai lilitoka ya 17? Hakupima joto asubuhi kabla ya kutoka kitandani, hakutumia vijiti vya mkojo. Sote tunakisia, hata mimi. Ndiyo maana sipendi kumpangia mtu kilo kwa kukisia.

Tandika, 75 ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Ila nikuambie pia nisichokiamini sana kwenye hesabu yako. Siku tatu, siku tano, siku sita ni chache. Nne mbovu kati ya sita inaweza kuwa bahati mbaya. Ninachokiamini ni kwamba wewe hukutarajia ubovu huo hapo, na aina yake ni tofauti. Siku ya kwanza ni maumivu, siku za mwisho ni usingizi, hii ni pumzi. Mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Ulipima damu?

#34 Binti_Tandika

Nilichelewa, nikaenda wiki iliyopita. Damu 10.4. Feritini 8.

#35 Sista_Nesi

Mdogo wangu. Mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 kwenda juu. Feritini chini ya 15 ni kwamba ghala limeisha. Unanyanyua chuma huku chuma chenyewe mwilini hakipo.

Wamekupa nini?

#36 Binti_Tandika

Vidonge vya madini ya chuma vya miligramu 200, kimoja kwa siku, na barua ya kwenda kupiga ultrasaundi ya kizazi. Vidonge vinanifunga choo na choo chenyewe cheusi, nimeogopa.

#37 Sista_Nesi

Weusi ni wa dawa, usiogope. Kufunga choo, kunywa maji, kula papai, na ukizidiwa mwambie aliyekuandikia, wapo wanaowapa wagonjwa siku moja ndiyo siku moja hapana. Usiache kimyakimya. Kubwa kuliko yote ni chai. Usimeze na chai wala kahawa, wala maziwa, inazuia dawa kuingia. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai iwe mbali saa mbili. Najua wewe ni mtu wa chai ya rangi asubuhi, wote wa dukani ndivyo.

Baada ya wiki tatu au nne rudi kapime, inatakiwa iwe imepanda karibu pointi mbili. Ikifika 12 usishangilie ukaacha, endelea miezi mitatu hivi ghala lijae. Na ultrasaundi nenda. Ukijaza ndoo iliyotoboka utajaza mpaka lini.

#38 Sauti_ya_Chini

Swali la kijinga. Kama damu ni pungufu, si inatakiwa awe mbovu mwezi mzima? Mbona siku ya 22 kanyanyua 75?

#39 Sista_Nesi

Si la kijinga hata kidogo. Upungufu hauondoki siku yoyote, anao kila siku. Mimi nadhani ametoka tu kupoteza damu, mwili haujarudisha, na mazoezi ya seti za mara 5 akipumzika vizuri katikati hayadai sana pumzi. Lakini ni dhana yangu.

#40 ShangaziVyuma

Nami nina dhana nyingine. Angalia daftari, Tandika: siku za 5 mpaka 9 ulipumzika dakika ngapi kati ya seti? Mtu akitoka kwenye siku mbovu huwa ana haraka ya kufidia.

#41 Binti_Tandika

Shangazi wewe ni mchawi. Sikuandika dakika, lakini nakumbuka nilikuwa naongeza seti ya nne "nifidie", na saa ya jimu ilikuwa ya jioni yenye foleni ya kifaa, napumzika dakika moja na nusu badala ya tatu.

#42 ShangaziVyuma

Basi tuna washukiwa wawili na hatujui nani mwizi. Mwezi huu pumzika dakika tatu kwa saa ya simu, seti ya nne marufuku, na unameza dawa. Ikiwa nzuri hatutajua ni kipi kilichosaidia, ila mimi sitakuambia usimeze dawa ili tujue.

---

#47 Binti_Tandika, mwisho wa Juni

Taarifa fupi. Damu imefika 12.1, naendelea na vidonge. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kizazi, mmoja, sentimita 3. Daktari kasema tutauangalia, kanipa na dawa ya kupunguza damu siku nzito, pedi sasa inafika saa tatu.

Siku ya 5 mpaka ya 9 mwezi huu nilifanya mara mbili tu. Zote nzuri. 72.5, akiba mbili, pumzi imetulia. Wiki hiyohiyo mwezi uliopita ilikuwa 65.

Siku ya kwanza bado mbovu. Nafanya benchi na hatua za kuchuchumaa, skwati nasogeza kesho yake au keshokutwa. Imeshakuwa kawaida, hata siwazi.

Swali langu ni la mkanda. Kwa uvimbe huo, nikijaza tumbo chini ya kilo 75, kuna shida?

#48 Kocha_Mwenge

Punguza uzito tu dada, usicheze na kizazi.

#49 Sista_Nesi

Kocha taratibu. Wengi wana vivimbe vya ukubwa huo na hawajui, na wanabeba ndoo za maji kila siku. Lakini mimi sijaiona picha yake, wala wewe. Umekaa upande gani, ndani au nje ya ukuta, aliyeiona ndiye anajua. Tandika, mpigie, muulize kwa maneno hayohayo uliyotuuliza sisi, na mwambie ni kilo 75, maana akisikia "mazoezi" atadhani unatembea ufukweni.

#50 Binti_Tandika

Jumatatu nina miadi. Nitaenda na daftari.